Maziwa gani nafuu kwa lita: mabichi, ya muda mrefu au ya unga?

"Wakuu, nikikoroga maziwa ya unga, lita moja inanigharimu kiasi gani ukilinganisha na mabichi au ya boksi?"

Mkuu, usitazame bei ya pakiti, tazama inatoa lita ngapi. Maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta yanataka karibu gramu 130 ili kupata lita yenye uzito wa maziwa ya kawaida. Unaweka unga kwanza, kisha maji mpaka chombo kifike alama ya lita, yaani maji kama mililita 900. Kwa hiyo pakiti ya gramu 400 inatoa lita tatu na kidogo, yaani 3.08.

Tuseme pakiti hiyo inauzwa mara tatu na nusu ya bei ya lita ya mabichi. Gawa 3.5 kwa 3.08, unapata 1.14: unga ni ghali kwa asilimia 14. Lakini ukinunua lita mbili za mabichi na kila mara robo lita inaganda na kumwagwa, umelipia lita mbili ukanywa 1.75. Nayo ni 1.14, mko sare!

Ya boksi, yaani ya muda mrefu, hesabu yake nyepesi, ila soma ujazo, si kila boksi ni nusu lita. Ukishafungua, nayo yanaharibika kama mabichi.

Anayesema pakiti yake inatoa lita tano anatumia gramu 80, na hayo ni maji meupe tu. Soma pia viambato: ukiona mafuta ya mimea, hulinganishi tena maziwa kwa maziwa.