Bekari kununua kinu chake cha kusaga ngano: inalipa?

"Wakuu, nina bekari Arusha, natumia mifuko 40 ya unga kwa siku. Kuna kinu cha tani 24 kwa siku kinauzwa. Nataka kukinunua ili faida ya msagishaji ibaki kwangu. Wenye uzoefu nisaidieni."

Mkuu, nimekuwa msimamizi wa uzalishaji kwenye bekari iliyofanya hicho unachotaka kufanya, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona huko.

Anza na ukubwa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Tani 24 za ngano ukizisaga kwa wastani wa asilimia 75 zinakupa tani 18 za unga, yaani mifuko 360 ya kilo 50. Wewe unatumia 40. Hiyo mingine 320 utamuuzia nani kila siku ya Mungu? Wanunuzi wakubwa wa unga wa mikate ni wenye bekari wenzako, na hao ndio unaogombania nao maduka. Sisi tulipowafuata walitupokea vizuri, wakanywa na chai yetu, ila mzigo waliendelea kuchukua kwa msambazaji wao wa zamani. Hakuna anayependa mshindani wake ajue anakanda mifuko mingapi kwa siku. Ukikiendesha kwa saa chache tu upate mifuko yako 40, mkopo wa benki, mshahara wa fundi na pango la ghala vyote vinabebwa na mifuko hiyo hiyo, na unga wako unaweza kukugharimu kuliko wa dukani. Makampuni yanayosaga na kuoka kwa pamoja, mfano Bakhresa, yana soko la unga la kwao lenyewe. Mikate haibebi kinu peke yake.

Jambo la pili ni pesa. Nadhani sasa hivi unachukua unga mali kauli, unalipa baada ya wiki kadhaa wakati mikate imeshaliwa. Maana yake msagishaji anakukopesha mtaji bila wewe kuliona hilo. Ukiwa na kinu mambo yanageuka. Mkulima wa Karatu au Hanang anataka pesa mkononi, na ngano ya huku kaskazini unainunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Piga hesabu: ili upate tani 2 za unga kwa siku unahitaji karibu tani 2.7 za ngano. Akiba ya miezi mitatu ni kama tani 240. Tuchukulie kilo ni shilingi 1,200 (weka bei yako), ni milioni 288 zimelala ghalani zikisubiri fukusi. Hizo hazimo kwenye bei ya mashine aliyokutajia dalali.

Kuna wanaosema kinu kitakukinga na bei kupanda. Kinakukinga na msagishaji, si na ngano. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya ngano duniani, wenye vinu waliumia kwenye ngano kama wenye bekari walivyoumia kwenye unga. Tanzania inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake nje, kwa hiyo bei ya hapa inafuata ya huko. Ulichonunua ni ule upenyo kati ya bei ya ngano na bei ya unga, na upenyo huo ni mwembamba. Mara nyingi pumba ndizo zinazoamua kama mwezi umeisha na faida, nazo mvua zikinyesha majani yakajaa, wafugaji wanapunguza kununua.

Sasa upande wa unga wenyewe, ambao kwangu ulikuwa shule. Msagishaji mkubwa anachanganya ngano za aina tofauti ili mfuko wa leo ufanane na wa mwezi jana. Ukisaga mwenyewe, kazi hiyo ni yako. Ngano ikija kavu, tuseme unyevu asilimia 11.5, huisagi hivyo hivyo. Unailowesha mpaka kama 15.5, yaani karibu lita 47 za maji kwa kila tani, halafu unaiacha ilale usiku kucha ili ganda lilainike na kiini kiwe chepesi kuachana nalo. Fundi akiwa na haraka akairuka hatua hiyo, ganda linavunjika vipande vidogo vinavyopenya chekeche, na unga unatoka na vidoa vya kahawia. Mteja wa mkate mweupe anakuuliza siku hiyo hiyo.

Kuna mzigo tuliwahi kupokea wa ngano iliyonyeshewa shambani kabla ya kuvunwa. Kwa macho ilikuwa safi. Mikate ikaumuka vizuri, ikaiva rangi nzuri, ila ndani ilikuwa inanata, kisu cha kukatia slesi kinatoka na utandu kama gundi. Ngano ikianza kuota, hata kidogo tu, vimeng'enya vyake vinaivunja wanga ndani ya tanuri. Dawa yake ni kupima kabla ya kupokea, au kuichanganya kidogo kidogo na ngano nzuri, ama kuiuza kwa watengeneza chakula cha mifugo.

Kipimo kingine hakihitaji maabara. Chukua gramu 10 za unga, kanda na maji kidogo upate kidonge, kiache kipumzike, kisha kioshe taratibu chini ya bomba huku unakiminya mpaka maji yatoke safi bila weupe. Kitakachobaki mkononi kinavutika kama mpira: ndiyo gluteni. Kama ni gramu 2.8 hadi 3 na haikatiki ovyo, huo ni unga wa mkate. Kama ni gramu 2 na inachanika, peleka kwenye biskuti. Tena unga uliotoka kinuni leo usiukande leo, donge linakuwa legelege. Upe wiki moja au mbili, na hiyo ni nafasi nyingine ya ghala. Usisahau pia kwamba sheria inakutaka uongeze madini na vitamini kwenye unga unaouza, na nembo ya TBS.

Faida ipo, sikatai. Tulikuwa hatukosi unga msimu wa sikukuu wakati wengine wanahangaika, na tuliweza kusaga unga wa kahawia usiopatikana kirahisi mjini. Ila hesabu ya kinu na ya bekari ziwe mbali. Bekari inunue unga kwa kinu kwa bei ile ile ya soko. Tajiri wetu alikuwa anaupeleka kwa gharama ya kusaga tu, vitabu vikaonyesha mikate ina faida nono, akaongeza magari ya kusambaza. Kumbe mikate ilikuwa inakula faida ya kinu.

Kwa mifuko 40 mimi nisingenunua. Ningenunua ngano wakati wa mavuno, hata tani 20 za kuanzia, nikamlipa mwenye kinu anisagie, nikaona kama upenyo ule upo kweli. Kama bado kinakuwasha, nenda kikiwa kinafanya kazi, shika pumba zinazotoka uzisugue kiganjani. Zikiacha weupe mwingi na upande wa ndani una unga umeganda, meno ya rola yamelika, hiyo asilimia 75 huipati, na kuyachonga upya si kazi ya fundi yeyote wa mtaani. Mwulize pia kwa nini anauza, halafu ukaulize majirani zake.

Tuwekee hapa bei ya mashine, bei ya ngano uliyopewa na unavyolipia unga sasa hivi, tupige hesabu pamoja.