Kidude cha mchezo mmoja na Game Boy

"Kidude cha zamani alichotuachia mjomba, hapa Majengo, kina mchezo mmoja tu. Kwa nini hakikutengenezwa cha kubadilisha kaseti kama Game Boy?"

Kizuizi kilikuwa kwenye kioo chenyewe. Katika Game & Watch, vidude vya mchezo mmoja vya Nintendo vilivyoanza mwaka 1980, kila umbo lilichorwa kiwandani mahali pake pa kudumu, na umeme uliliwasha au kulizima tu; ukikiinamisha kidude hicho juani utaona vivuli hafifu vya mikao yote ya mtu yule yule. Ndugu aliyetangulia kusema hapa kwamba kaseti zilikuwapo kabla ya Game Boy amepatia nusu: zilikuwapo tangu kidude cha Microvision cha 1979, lakini skrini yake ilikuwa na nukta 16 kwa 16 tu, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchora mengi. Game Boy ya 1989 ilileta nukta 160 kwa 144, zinazochora umbo lolote ambalo kaseti italiagiza. Rangi ilipatikana mwaka huo huo kwenye Atari Lynx, ila taa ya nyuma ya kioo ilimaliza betri sita kwa saa chache. Game Boy Color ya 1998 haikuwa na taa hiyo, ikatosheka na betri mbili, na kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Na dada uliyeandika hapa kwamba kidude chako hakiwaki, kagua kwanza kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri.