Nguva, pomboo au sili? Maswali yenu ya bahari kutoka huku Dodoma

Wifi yangu alienda Kilwa akarekodi klipu ya sekunde kumi hivi, kitu cha kijivu kinachomoza kinazama. Yeye anasema pomboo, mimi nasema nguva. Nani kashinda? (Mama wa Kibaigwa)

Klipu nimeiangalia kama mara sita, nikaipunguza spidi, na naona umeshinda wewe. Kinachotoka kwanza ni ncha ya pua, butu na nene, halafu mgongo mlaini hauna kitu juu, basi kinazama taratibu. Pomboo angekuwa na pezi mgongoni na ungeliona tu, maana akivuta hewa anajikunja mgongo kama gurudumu linalozunguka na lile pezi linapita mbele ya macho yako, tena tundu lake la pumzi ni moja na liko utosini, wakati nguva ana matundu mawili mbele kabisa juu ya pua ndo maana anatoa pua tu na mwili unabaki chini. Halafu huyu wa wifi yako alikuwa peke yake kwenye maji mafupi yenye majani ya bahari, na nguva hayo majani ndo ugali wake, mdomo umeinama chini kwa ajili ya kuyang'oa. Pomboo anafuata samaki, mara nyingi wako kundi na wanaruka. Mwambie wifi ana bahati, nguva kwetu wamebaki wachache sana, wengi wananasa kwenye majarife wanakosa hewa wanakufa.

Si uangalie mkia tu yaishe? (Jamaa wa Area C)

Hapo ndo wengi wanapopigwa chenga. Nguva na pomboo wote mkia wao umelala bapa, una ncha mbili na kikato katikati, kwa hiyo ukiona mkia peke yake umejua tu kwamba sio papa, maana wa papa umesimama wima. Mgongo na pua ndo vinaamua.

Na kama ni sili? (Dada wa Kondoa)

Ngumu, sili kwao ni maji ya baridi, kule Namibia na Afrika Kusini wapo kibao, pwani yetu ni mpotevu wa mara mojamoja. Huyo hana mkia bapa kabisa, nyuma ana mapezi mawili kama miguu, uso kama wa mbwa na masharubu marefu. Ukimkuta amelala mchangani ananyanyua kichwa anakutazama, hapo sawa, ni sili. Nguva hapandi nchi kavu kujipumzisha, ukimkuta ufukweni ujue amekwama.

Babu yangu anaapa aliona nguva Mtera. (Hakuweka jina)

Shikamoo yake mfikishie, ila nguva ni wa bahari tu. Pua mbili zinazochomoza bwawani Mtera ni kiboko huyo, asisogeze mtumbwi.