Jibu: Makubaliano 92%, kapa 0.46

"Wakuu, mimi na mwenzangu tumeweka misimbo kwenye vipande 100 vya mahojiano na wafuga nyuki wa Sikonge. Msimbo 'kukosa soko': wote wawili tumeuweka 4, wote tumeuacha 88, kila mmoja peke yake 4. Tumekubaliana 92% lakini kapa 0.46. Niripoti ipi?"

Zote mbili mkuu, pamoja na jedwali lenyewe. Msimbo wenu ni adimu, kila mmoja kauweka mara 8 tu, kwa hiyo hata kwa kubahatisha mngekubaliana 0.08² + 0.92² = 0.8528. Kapa hupima mlivyovuka makubaliano hayo ya kubahatisha:

```
(0.92 - 0.8528) / (1 - 0.8528) = 0.46
```

Kwa ngazi za Landis na Koch (1977) hayo ni makubaliano ya wastani, na kweli: kati ya vipande 12 ambavyo yeyote aliuona msimbo, mmekutana kwenye 4. Someni pamoja vile 8 mlivyotofautiana. Je, bei ndogo ya asali ni kukosa soko? Nyoosheni maana, kisha pimeni kapa upya kwa vipande vingine.