Kunyakuliwa: neno ni "kumlaki"

"Jirani yangu hapa Wete, Mpentekoste, asema watanyakuliwa kabla ya dhiki kuu, yale mateso ya siku za mwisho. Mwanglikana wa kazini aikataa habari hiyo. Wasoma Biblia moja kweli?"

Moja, ndugu yangu, tena aya ile ile: 1 Wathesalonike 4:17, walio hai watanyakuliwa mawinguni "kumlaki Bwana hewani". Hakuna Mkristo anayeifuta. Wanagawanyika hapo kwenye kulaki.

Mgeni mkubwa akishuka bandarini Mkoani, watu humwendea, kisha hurudi naye mjini. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kulaki" limo pia Matendo 28:15: ndugu wa Rumi walitoka hadi Soko la Apio kumlaki Paulo, wakaingia naye Rumi. Waanglikana na Wakatoliki wengi husoma hivyo: Yesu anakuja mara moja, wateule wanamlaki akishuka. Jirani yako anasoma safari ya kwenda mbinguni kwanza, dhiki ya miaka 7, kisha Yesu kurudi nao. Mpango huo ulienezwa na mhubiri John Nelson Darby tangu miaka ya 1830. Mimi naona aya yenyewe haitaji kugeuka njia wala miaka 7. Hiyo miaka hutolewa Danieli 9.

Miaka 1000 ya Ufunuo 20 nayo, jirani ataihesabu kama ilivyo, Kristo akitawala duniani. Mwanglikana, kama Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale, huiona ni zama hizi za Kanisa. Wasabato wanasema watakatifu watakuwa mbinguni, dunia ikiwa ukiwa.

Muulize jirani: baada ya kulaki, msafara waelekea wapi?