Maji yanamwagika mkiani na kuzama kichwani: nirekebishe urefu wa mfereji au kiasi cha maji?

Swali: Shamba langu la mahindi lina mifereji ya urefu wa mita 300, nafasi ya sentimita 75 kati ya mmoja na mwingine, mteremko wa asilimia 0.4. Naingiza lita 1 kwa sekunde kila mfereji, na nataka mizizi ipate milimita 50. Nilipima: maji hufika mita 150 baada ya dakika 61, na mita 300 baada ya dakika 218. Nikisubiri mkiani kulowe vizuri, maji mengi yanamwagika nje. Kichwani nako nikichimba nakuta unyevu umeshuka chini kabisa ya mizizi. Nipunguze maji, niongeze, au nifupishe mifereji?

Jibu: Fupisha mifereji, ongeza maji mwanzoni, kisha yapunguze yakishafika mkiani. Ukichukua hatua moja tu kati ya hizo, utahamisha hasara kutoka mkiani kwenda kichwani au kinyume chake, na jumla ya maji unayopoteza haitabadilika sana. Nitakuonyesha kwa vipimo vyako mwenyewe, maana zile dakika mbili ulizoandika, 61 na 218, zinatosha kutuambia udongo wako unakunywaje maji.

Wengi hupima kwa kupigilia pete ya chuma ardhini na kuijaza maji. Kwa mfereji kipimo hicho hupotosha, kwa sababu ndani ya mfereji maji yanaingia pia kwa ubavuni mwa matuta, na uso wa udongo umelainishwa na maji yanayotembea. Ni bora mfereji wenyewe uwe kipimo. Hesabu yake ni ya kawaida tu: maji yaliyoingia, ukitoa yaliyo juu ya ardhi ndani ya mfereji, ndiyo yaliyonywewa na udongo.

Kwa mteremko wako, lita 1 kwa sekunde katika mfereji wa kawaida hujaza eneo, upana mara kina, la takriban sentimita za mraba 72 pale kichwani. Maji yanapungua kina kuelekea mbele, hivyo wastani huchukuliwa kuwa 0.77 ya hapo, yaani lita 5.5 kwa kila mita ya mfereji. Dakika ya 61 ulikuwa umeingiza lita 3,660 kwenye mita 150, sawa na lita 24.4 kwa mita. Toa 5.5, zinabaki 18.9 ndani ya udongo. Dakika ya 218 ulikuwa na lita 43.6 kwa mita, na zilizo ndani ya udongo ni 38.1. Muda umeongezeka mara 3.6 lakini maji yaliyonywewa yameongezeka mara 2 tu. Hiyo ndiyo tabia ya udongo: unaanza na kiu kali, kisha unapunguza kasi. Ukizichukua namba hizo kwa logi, ukazigawa kwa 0.75 hivi kwa kuwa sehemu za mbele zimelowa kwa muda mfupi kuliko kichwani, kisha ukazigawa tena juu ya nafasi ya mita 0.75, unapata:

```
Z = 3.5 × t^0.55
```

Z ni milimita zilizoingia, t ni dakika ambazo maji yamesimama au kupita juu ya sehemu hiyo. Ili milimita 50 ziingie mahali popote, maji yakae hapo dakika 126. Kila kitu kingine kinategemea namba hiyo moja.

Sasa tazama unachofanya leo. Mkia unaona maji ya kwanza dakika ya 218, nao unahitaji dakika 126, kwa hiyo unafunga dakika ya 344. Kichwani maji yamekaa muda wote huo, na udongo wa hapo umekunywa milimita 87. Ukichukua wastani wa mfereji mzima ni milimita 75, na ulizoingiza ni 92. Kwa hiyo milimita 25 zimezama chini ya mizizi, zikiondoka na mbolea yako ya naitrojeni, na 17 zimemwagika mkiani. Wewe unaliona zaidi lile linalomwagika kwa kuwa liko machoni, lakini hasara kubwa iko ardhini.

Kanuni ya zamani ya wamwagiliaji inasema maji yafike mkiani ndani ya robo ya muda unaohitajika udongo kunywa. Kwako robo hiyo ni dakika 31 au 32. Kwa mita 300 haiwezekani, hata ukifungulia kiasi cha juu kabisa. Kiasi hicho kina mpaka wake, kwa sababu maji mengi mno yanakokota udongo. Kadirio linalotumika sana ni kugawa 0.6 kwa mteremko wa asilimia, na kwako jibu ni lita 1.5 kwa sekunde. Ni kadirio tu. Udongo laini uliolimwa karibuni unaweza kuanza kumomonyoka kabla ya hapo, na utajua kwa kuona maji ya mbele yamegeuka tope zito na sakafu ya mfereji kichwani ikichimbika. Kwa lita 1.5, mita 300 zinachukua dakika 115 hivi. Bado ni karibu muda wote wa kunywa, si robo.

Kata urefu hadi mita 150, weka lita 1.5, na maji yatafika mkiani baada ya dakika 37. Hapo uko karibu na robo. Utafunga dakika ya 163, kichwani kutakuwa na milimita 58, wastani 55, na zinazozama ni 5 tu. Wengi hufika hapa wakashangilia. Lakini piga hesabu ya maji yaliyoingia: lita 1.5 kwa sekunde kwa dakika 163 kwenye eneo la mita za mraba 112.5 ni milimita 130. Yaani 75 zimemwagika mkiani! Umeziba tundu la chini na kufungua la pembeni, tena kubwa zaidi. Sababu ni kwamba baada ya dakika ya 37 udongo wako hauwezi kunywa lita 1.5, karibu na mwisho wa muda mfereji wa mita 150 unakunywa chini ya lita 0.4 kwa sekunde. Kilichobaki lazima kitafute njia ya kutoka.

Ukijaribu upande wa pili, mita 150 kwa lita 0.6, maji yanafika mkiani dakika ya 140. Milimita 19 zinamwagika na 16 zinazama, kati ya 85 ulizoingiza. Si vibaya kama wanavyodhani wengi, na kama huna njia ya kurudi shambani katikati ya zamu, pengine hilo ndilo chaguo lako. Lakini kichwa bado kinapata mara moja na nusu ya mkia, na mahindi yataonyesha tofauti hiyo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye hatua tatu. Fungulia lita 1.5 mpaka maji yapite mkiani, yaache kidogo hadi dakika ya 60, kisha shusha hadi lita 0.5 mpaka dakika ya 163. Jumla ni lita 8,490 kwa mfereji, sawa na milimita 75. Zinazozama zinabaki 5, zinazomwagika ni 20 hivi. Ukizilinganisha na leo, zinazomwagika ni karibu sawa, lakini zinazozama zimepungua mara tano.

Kwa nini nisikuambie upunguze mara tu maji yanapofika? Kwa sababu dakika ya 37 udongo, hasa wa mkiani, bado una kiu kubwa kuliko lita 0.5. Ukikata mapema, maji yaliyo juu ya ardhi yanapungua na mkia unakauka kabla ya wakati. Dakika ya 60 mfereji wote unakunywa kama lita 0.65 kwa sekunde. Pengo dogo linalobaki linazibwa na maji yaliyokwisha kujaa mferejini. Ukiona mkia umeacha kutiririka baada ya kupunguza, rudisha kidogo. Ukiona bado unatoa kwa nguvu, punguza zaidi.

Njia rahisi ya kufanya hivyo ni mipira miwili ya saifoni kwa kila mfereji, mmoja wa lita 1 na mwingine wa nusu lita, kisha unauondoa mkubwa. Pima kila mmoja kwa ndoo na saa, na kina cha maji kwenye mfereji mkuu kiwe kilekile cha siku ya kazi, kwa kuwa kikishuka, mpira unatoa kidogo. Jihadhari pia na maji yaliyoachiliwa. Ukiwa na lita 15 kwa sekunde na mifereji 10 imefunguliwa, kupunguza kunakuachia lita 10 ghafla. Uwe umeshaandaa mifereji 6 mingine ya kuanzisha, la sivyo mfereji mkuu utafurika.

Kufupisha kunakudai mfereji mpya wa kugawia maji katikati ya shamba, na utapoteza ukanda wa ardhi pamoja na usumbufu kwa trekta. Faida yake ni kwamba maji ya mkiani mwa nusu ya juu yanaangukia humohumo na kwenda nusu ya chini. Kila mfereji wa juu unatoa lita 2,250 hivi. Minne inatosha kumwagilia mmoja wa chini. Maji yaliyozama hayarudishwi, lakini haya yanarudishwa, na hiyo ndiyo sababu napendelea hasara iliyobaki iwe ya juu ya ardhi.

Namba zangu zinahusu udongo ulivyokuwa siku ulipopima. Umwagiliaji wa kwanza baada ya kulima huwa na kiu zaidi, na ule wa tatu au wa nne hunywa polepole, hivyo maji yatafika mkiani mapema na dakika 126 zitaongezeka. Mifereji iliyokanyagwa na gurudumu la trekta nayo hunywa kidogo kuliko jirani zake, ipime kando. Weka vigingi kila mita 30 kwenye mifereji mitatu au minne, andika dakika kila unapomwagilia, na urudie hesabu ile ya juu. Siku mbili baadaye sukuma nondo nyembamba ardhini, kichwani na mkiani. Kwenye udongo uliolowa inashuka kwa urahisi, kwenye mkavu inagoma. Ikishuka mbali kuliko kina cha mizizi kichwani, punguza muda. Ikigoma mapema mkiani, uongeze.