Mpira wangu ulipita na hakuna aliyejua umepigwa na nani

Juzi kuna dogo kanitumia meseji, "kaka shikamoo, nimemaliza animesheni yangu ya mlalo, nikiikata iwe wima ya Tiktok mtu anayeongea haonekani, nifanyeje?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala maana hilo jambo liliniumiza mwaka mzima na bado likitajwa nasikia kitu kinanichoma hapa.

Nilikuwa na kale kaanimesheni kangu ka chandimu, sekunde 26, ya kuchora kwa mkono fremu 24 kwa sekunde, ukubwa 1920 kwa 1080 kama kawaida. Dogo yuko kushoto anapiga mpira wa matambara, mpira unavuka uwanja unaenda kutua ndani ya sufuria la maharage la mama ntilie huku kulia. Ndio kichekesho chote kiko hapo. Miezi miwili nimeichora, usiku, baada ya kazi. Nikaipeleka kwenye programu ya kuediti, nikaweka fremu ya 1080 kwa 1920, nikaivuta mpaka ikajaa, nikaposti nikalala. Asubuhi komenti ya kwanza: "mbona ni ukuta tu na kitu kimepita, au simu yangu mbovu?" Kumi na kitu waliilaiki hiyo komenti. Video yenyewe walilaiki watu wanne, mmoja mama yangu mdogo.

Sasa piga hesabu nami. Ukichukua picha ya mlalo yenye urefu wa 1080 kwenda juu na unataka ijaze simu iliyosimama, upana unaobaki ni pikseli 608 tu kati ya 1920, yaani chini ya theluthi moja. Mimi nilikata katikati. Dogo wangu alikuwa kwenye pikseli ya 300 kutoka kushoto, sufuria kwenye 1600, dirisha langu, yaani ile sehemu niliyoibakiza, linaanzia 656 linaishia 1264. Kwa hiyo mpigaji hayumo na sufuria halimo, kilichobaki ni mpira unaokaa kwenye kioo kama fremu 7 hivi halafu basi. Yule jamaa wa komenti alikuwa sahihi kabisa, ingawa mpaka leo sijamsamehe.

Kosa la pili ndilo naliona kwa watu wengi, na nililifanya kwa majivuno kabisa nikidhani nimegundua kitu. Nikasema aah, basi dirisha liufuate mpira. Mpira ulikuwa unagongwa fremu ya 212 unafika kwenye sufuria fremu ya 227, fremu 15 tu, unatembea kama pikseli 87 kila fremu, na ukishaikuza picha ili ijaze simu zinakuwa kama 155. Maana yake kila baada ya fremu 7 kioo kizima kimebadilika. Macho hayashiki kitu, ukuta unatetemeka kama video inakwamakwama. Na kibaya zaidi ni kwamba ukiufuata mpira, mpira wenyewe unasimama! Uko palepale katikati ya kioo kama umening'inizwa na uzi, kinachokimbia ni ukuta, nguvu yote ya shuti imeisha. Jamani msiufuate mpira. Kitu chenye kasi kiache kiingie na kitoke chenyewe, dirisha litulie.

Kilichoniokoa ni kukata shuti vipande viwili, sio kusogeza dirisha. Nilikaa na daftari nikaangalia video bila sauti, kila tukio naandika namba ya fremu na mahali jicho linapotakiwa kuwa, kushoto ngapi kulia ngapi. Hiyo kazi inachosha lakini ifanye tu, bila hiyo unakata kwa kubahatisha. Nikaona shuti lina sehemu mbili tu zenye maana, mguu na sufuria, kule katikati hakuna anayepahitaji. Basi kipande cha kwanza dirisha limetulia kushoto, dogo anarudi nyuma, anapiga, mpira unatoka kwa upande wa kulia wa kioo. Hapohapo kata. Kipande cha pili dirisha limetulia kwenye sufuria, mpira unaingia kutokea kushoto, puu! Umetoka kulia lazima uingie kushoto, ukiugeuza mtu ataona kama ni mpira mwingine unarudi.

Ila kuna kitu kidogo kinaharibu. Baada ya kukata, sufuria lilikuwa linaonekana fremu 4 tu kabla mpira haujaingia. Jicho halijafika hata kujua kuna sufuria, tayari maharage yako hewani. Nikaongeza fremu 6 za sufuria linafuka moshi, robo sekunde tu, jumla zikawa 10, na mlio wa kugonga nikausogeza mbele robo sekunde hiyohiyo. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka nikajicheka.

Nikaposti tena kwa siri nijione mwenyewe kwenye simu kwanza, na hili ndilo nawasisitiza, angalia ndani ya Tiktok yenyewe usiangalie kwenye kompyuta. Sufuria liko chini karibu na ardhi si ndio, basi maandishi ya kapsheni yamekaa juu yake! Maharage yanaruka nyuma ya hashitagi zangu mwenyewe. Nilitamani kulia.

Hapo ndipo nikajifunza kutojaza kioo kwa kukuza peke yake. Badala ya kukata upana wa 608 nikakata 760. Ukiikuza mpaka upana ufike 1080 urefu unafika kama 1535, unabaki na pengo la 385 chini, na mimi chini kuna nini? Udongo tu, rangi moja ya bapa. Nikaongeza udongo. Sufuria likapanda juu ya kapsheni, picha inaonyesha pana zaidi, na mistari haikuwa na ukungu sana maana nimekuza mara 1.42 badala ya 1.78. Kipande cha sufuria niliishia kukifanya kwa ffmpeg, programu ya video unayoiandikia amri, kwa mstari huu mmoja:

```
ffmpeg -i kipande2.mp4 -vf "crop=760:1080:1160:0,scale=1080:-2,pad=1080:1920:0:0:color=0xB5793F" sufuria.mp4
```

Hiyo 1160 ndio mahali dirisha linapoanzia kutoka kushoto, na ile rangi nimeinyonya kwenye udongo wangu mwenyewe, wewe weka yako. Kama ardhi yako ina nyasi au vivuli, huu ujanja unaacha mstari unaoonekana, itabidi uchore chini kwa mkono. Na kama bado una faili lako lenye leya, achana na huu mstari kabisa, rudi huko upanue dirisha na urenda upya, mistari itatoka safi. Mimi leya zangu nilizifuta kupunguza nafasi kwenye diski, wacha tu.

Kuna shoti moja ilinishinda. Mwishoni wachezaji watano wamejipanga mstari mmoja wanakimbizwa na mama ntilie na mwiko, hakuna pa kukata, ukimtoa mmoja kichekesho kinakufa. Nikaiacha mlalo vilevile katikati ya kioo, juu na chini nikajaza rangi ya udongo, sekunde 3. Wadogo kweli walionekana, lakini wote watano wapo na mwiko upo.

Dogo uliyenitumia meseji, shoti yako ya watu wawili wanaoongea ni rahisi kuliko shuti langu. Kata kwa mwenye sura inayobadilika, sio lazima awe anayeongea. Nitumie namba za fremu tu, video nzima usinitumie, bando langu ni la wiki.